Matokeo hayajatoka: naweza kuandika kwamba nitafuzu Septemba?

*"Niko mwaka wa nne hapa Nairobi, Shahada ya Sanaa, Kiswahili na Mawasiliano. Nilifanya karatasi ya mwisho tarehe 9 Mei na matokeo hayajatoka. Pia kuna somo moja la mwaka wa tatu ambalo alama yake haionekani kwenye potali. Mahafali yetu ni Septemba. Kampuni moja ya uchapishaji inatafuta mhariri msaidizi na tangazo linasema 'awe na shahada'; maombi yanafungwa wiki ijayo. Wenzangu wananiambia niandike tu kwamba nimefuzu, hakuna anayekagua. Mama anasema ningoje cheti. Nikiandika nitafuzu Septemba halafu matokeo yachelewe, si nitakuwa nimedanganya?"*

Omba, na uombe wiki hii. Mama ana nia njema, lakini ukingoja cheti mkononi utakuwa unatafuta kazi Januari, wakati nafasi hiyo imeshapata mwenyewe. Neno "nimefuzu" usiliandike. Na hiyo Septemba pia usiiandike kabla hujaenda idarani, kwa sababu kinachoitishia tarehe yako si matokeo ya muhula wa mwisho. Ni ile alama moja ya mwaka wa tatu uliyoitaja juu juu tu.

Nasema hivi kwa kuwa nimekaa pande zote mbili za dirisha. Miaka sita nilikuwa karani katika ofisi ya mitihani ya chuo kikuu kimoja, nikipokea alama kutoka idarani. Baadaye nikahamia kwenye ajira, na sasa kazi yangu ni kusoma barua kama hiyo yako. Kila mwaka kuanzia Mei hadi Agosti zinamiminika, na nyingi zinajikwaa mahali pamoja: mwandishi anataka kusema amemaliza, lakini hajui amemaliza nini.

Kuna mambo matatu ambayo wanafunzi huyaita "kumaliza". La kwanza ni kumaliza mitihani, na hilo umelifanya tarehe 9 Mei; hakuna wa kukunyang'anya. La pili ni Seneti ya chuo kuidhinisha matokeo yako. La tatu ni kutunukiwa shahada, na hilo hutokea siku ya mahafali yenyewe, chansela anapotamka maneno yale mkiwa mmesimama na majoho yenu juani. Kabla ya matamshi hayo wewe si mhitimu, hata kama umefaulu kila karatasi. Watu huona ile ni sherehe ya picha na maua, kumbe ndiyo shughuli yenyewe.

Kati ya Mei na Septemba kuna safari ndefu kuliko mnavyodhani. Mhadhiri anasahihisha na kuingiza alama. Kisha anakuja mtahini wa nje, mhadhiri mzoefu kutoka chuo kingine, anapitia baadhi ya karatasi kuona kama usahihishaji ulikuwa wa haki. Baada yake bodi ya watahini ya idara inakaa, halafu ya kitivo, ndipo orodha ipelekwe Seneti. Seneti ikishapitisha, chuo hubandika orodha ya muda ya watakaofuzu ili kila mtu atazame jina lake na jinsi lilivyoandikwa. Wenye jina wanazunguka na fomu ya kuondoka chuoni, ile mnayoiita klirensi: maktaba, bweni, michezo, ofisi ya fedha. Deni la karo la elfu mbili linaweza kukukwamisha hapo sawa na deni la laki moja. Mwisho orodha inafungwa, inachapishwa katika kijitabu cha mahafali, basi.

Kwa hiyo neno sahihi la hali yako ni "natarajia", na halina uongo ndani yake. Mwongo ni yule anayesema jambo akijua silo. Wewe unasema jambo ambalo halijafika lakini lina ratiba, na msomaji wa barua anajua vyema kwamba ratiba huweza kusogea. Kosa litakuwepo tu ikiwa unaitaja Septemba huku ukijua kuna kitu kitakachokuzuia kuifikia. Ndiyo maana nakurudisha kwenye ile alama.

Alama isiyoonekana hairejei yenyewe. Wanafunzi wengi huiacha wakiamini kwamba chuo "kitaiona" mwishoni. Mfumo hauioni. Unachoona ni mwanafunzi mwenye masomo 39 badala ya 40, na mtu wa namna hiyo haingizwi kwenye orodha. Hakuna atakayekupigia simu. Utajua siku orodha ya muda inapobandikwa na jina lako halimo, na wakati huo zimebaki wiki chache, na dirisha la ofisi lina foleni ya watu wenye shida kama yako.

Namkumbuka kijana mmoja aliyekuja kwangu Agosti, barua yake ya ajira iko mfukoni, mwajiri ameshaambiwa Septemba. Alikosa alama ya somo moja la mwaka wa pili. Mhadhiri alikuwa wa muda na alishaondoka zamani. Tuliitafuta karatasi yake katika stoo ya idara, tukaipata imesahihishwa, alama 58, safi kabisa. Tatizo? Katika nambari yake ya usajili alikuwa ameandika mwaka wa kuingia vibaya, tarakimu moja tu, kwa hiyo alama ikaingizwa kwa nambari isiyo yake. Kuirekebisha hakukuwa kazi ya kubonyeza. Alama ikishapita bodi, kuibadilisha kunahitaji bodi hiyo hiyo ikae tena na iandike kumbukumbu. Zilipita wiki tatu, orodha ya Septemba ikafungwa, akafuzu Desemba. Kazi hakuipoteza, lakini alilazimika kumweleza mwajiri jambo ambalo angeweza kulijua tangu Mei.

Nenda basi idarani kesho asubuhi, si kwa barua pepe, na umwombe mratibu wa mitihani akutazamie hiyo alama. Beba kadi yako ya mtihani ya muhula ule na fomu ya usajili wa masomo. Muulize mambo mawili. Je, nilisajiliwa kwenye somo hilo rasmi? Na je, sahihi yangu iko kwenye karatasi ya mahudhurio ya chumba cha mtihani? Usajili ukiwa upo na sahihi ipo, basi ulifanya mtihani na alama ipo mahali fulani. Labda alama za majaribio ya muhula, zile 30, ziliingizwa na zile 70 za mtihani zikasahaulika, au kinyume chake. Hilo ni jambo la siku kadhaa mhadhiri akipatikana. Usajili ukiwa haupo, hali ni nzito zaidi, kwa sababu huenda ukatakiwa kulifanya somo upya na Septemba ikawa haiwezekani kabisa. Vyovyote iwavyo, utatoka pale ukijua uko wapi.

Sasa kuhusu alama zenyewe, maana najua unajiuliza kama unaweza kutaja daraja. Tuseme digrii yako ina masomo 40 yenye uzito sawa, sita ni ya muhula huu na moja ndilo lililopotea. Una matokeo ya masomo 33. Tuseme wastani wake ni asilimia 63. Jumla ni alama 2,079. Daraja la Pili la Juu linaanzia wastani wa 60, yaani alama 2,400 kwa masomo 40. Umebakiwa na alama 321 za kutafuta katika masomo saba, chini kidogo ya 46 kila somo. Kwa mtu wa wastani wa 63, hiyo si kazi ngumu. Daraja la Kwanza, linaloanzia 70, lingekudai alama 721 katika masomo saba, yaani 103 kila somo, kwa hiyo hilo tuliweke kando. Weka takwimu zako halisi mahali pa hizi zangu, na uangalie kanuni za chuo chako, kwa sababu vingine huyapa masomo uzito tofauti.

Hesabu hiyo inaonyesha kitu ambacho wengi hukikosea. Daraja lako karibu limeshaamuliwa. Karatasi za mwisho haziwezi kulisogeza sana. Lakini tarehe yako haijaamuliwa hata kidogo. Ukipata 38 katika somo moja ambalo alama ya kufaulu ni 40, wastani wako hautikisiki, ila unafanya mtihani wa marudio na unahamia mahafali yanayofuata. Watu huogopea wastani usiku kucha, kumbe kinachoahirisha joho ni somo moja.

Hata hivyo usiandike "Daraja la Pili la Juu" kwenye barua. Daraja hutolewa na Seneti, si na kikokotoo chako. Andika ulichonacho: wastani wa asilimia kadhaa katika masomo 33 kati ya 40. Mhariri yeyote atakayesoma sentensi hiyo ataona mtu anayejua tofauti kati ya kilichothibitishwa na kinachosubiriwa, na kwa kazi unayoomba hiyo ni sifa.

Tarehe gani basi uandike? Vyuo vingi vikubwa hapa huwa na mahafali mara mbili kwa mwaka. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kwa kawaida hufanya Septemba na Desemba. Kama alama imepatikana kabla ya siku ya kutuma maombi, au mratibu amekuonyesha kwa macho yako kwamba ipo na inaingizwa, andika Septemba. Kama bado haijulikani iliko, andika Desemba. Najua inauma. Lakini mwajiri wako hahitaji joho, anahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti na kusoma pruufu, na hilo unaweza kuanza Jumatatu. Ukisema Desemba ukafuzu Septemba, umemletea habari njema. Kinyume chake kinahitaji barua ya maelezo. Watu hudhani kujiamini ni kutaja tarehe ya karibu. Mimi nikisoma barua, naona kujiamini katika tarehe ambayo mwandishi hahitaji kuifunika kwa maneno.

Na maneno ya kufunika yako mengi. "Natumaini, Mungu akinijalia, kufuzu hivi karibuni." Sina ugomvi na Mungu kujalia, mimi mwenyewe nasema hivyo nikipanga safari ya mashambani, lakini ndani ya barua ya kazi msomaji anabaki akijiuliza kama kuna jambo unalolijua asilolijua yeye. "Matokeo yamecheleweshwa na chuo" nayo inakufanya ulalamike kabla hujaajiriwa. Mbaya kuliko zote ni hii: "Nasubiri cheti tu." Inasikika ya unyenyekevu, ila maana yake ni kwamba shahada umeshatunukiwa na karatasi ndiyo iliyobaki. Nimeona watu wakiulizwa swali moja la pili na jasho likawatoka.

Aya yako iwe fupi, iwe na siku, na isiombe radhi:

*"Nilimaliza mitihani ya mwisho ya Shahada ya Sanaa (Kiswahili na Mawasiliano) tarehe 9 Mei 2025. Matokeo ya muhula huo yanasubiri kuidhinishwa na Seneti, nami natarajia kutunukiwa shahada katika mahafali ya Septemba 2025. Katika masomo 33 kati ya 40 ambayo matokeo yake yametolewa, wastani wangu ni asilimia 63. Nimeambatisha nakala ya matokeo hayo pamoja na barua ya idara. Niko tayari kuanza kazi mara moja."*

Iweke katikati ya barua, baada ya kueleza unachoweza kufanya kwenye dawati la uhariri. Ikitangulia, barua nzima inakuwa habari ya matokeo. Na itokee mara moja tu. Anayerudia mara tatu kwamba atafuzu ananifanya nianze kuhesabu. Ile alama iliyopotea huna haja ya kuisimulia, kwa kuwa "33 kati ya 40" tayari inasema ukweli. Ukiulizwa kwenye mahojiano, jibu bila kuzunguka: ni somo fulani, nimelifuatilia siku fulani, limefikia hapa.

Kwenye wasifukazi kuna mtego mdogo. Ukiandika "2021 – 2025" mbele ya jina la shahada bila neno jingine, msomaji anaelewa kwamba imekwisha. Andika "2021 – 2025 (kutunukiwa kunatarajiwa Septemba 2025)". Mstari huo mmoja ndio unaotofautisha wasifukazi wa kweli na ule ambao miaka mitatu baadaye mtu anaufukua na kuuliza maswali.

Hiyo barua ya idara ni ipi? Ni barua fupi kutoka kwa mwenyekiti wa idara au mkuu wa kitivo inayosema wewe ni mwanafunzi wao, umefanya mitihani ya mwisho, na matokeo yanasubiriwa. Iombe siku hiyo hiyo unapofuatilia alama. Usiichanganye na barua ya kukamilisha masomo itolewayo na ofisi ya msajili, kwa sababu hiyo kwa kawaida hutoka baada ya Seneti. Ukienda kuiomba sasa utarudishwa na utapoteza siku.

Tangazo linasema "awe na shahada". Kwa nafasi ya serikali ningekuambia usijisumbue: wanachagua kwa vyeti ulivyokuwa navyo siku ya kufunga maombi, na barua ya matarajio inawekwa kando kabla ya kusomwa. Tangu Tume ya Utumishi wa Umma ilipoagiza mwaka 2022 vyeti vya watumishi vikaguliwe upya, wamekuwa wakali zaidi. Kampuni binafsi ni tofauti. Kwao maneno hayo mara nyingi ni chekecheo la kupunguza barua, na mtu aliyebakiza miezi mitatu huwa hapungui uzito. Tangazo likidai nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, hao wanataka karatasi kweli. Likitaja kiwango cha elimu tu, piga simu, uliza kwa sentensi moja kama wanapokea wanaotarajia kufuzu mwaka huu. Wakikupenda, watakupa kazi kwa sharti kwamba shahada itolewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio cha hadi miezi sita, na katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa ilani ya siku saba. Kwa hiyo mwajiri hajifungi na mtu asiyemjua, na hilo linamlegeza moyo kuliko unavyofikiri.

Wenzako wanaosema hakuna anayekagua hawajawahi kuketi ninapoketi. Kukagua hakuhitaji upelelezi. Naandika barua moja kwa msajili wa chuo, au nafungua kijitabu cha mahafali na kutafuta jina. Aliyesema "natarajia" na tarehe ikasogea, nampa muda. Aliyesema "nimefuzu" Juni na jina lake likatokea kwenye kijitabu cha Desemba, huyo simpi kitu, hata awe mhariri bora Nairobi nzima. Nilishawahi kumwachisha kazi mmoja wa namna hiyo akiwa mwezi wa nne kazini, na kazi yake ilikuwa nzuri. Sikulala vizuri siku hiyo.

Tarehe ikisogea baada ya kutuma barua, usingoje kuulizwa. Siku ile ile unayojua, andika mistari miwili: mahafali yangu sasa yatakuwa Desemba 2025 kwa sababu alama ya somo moja inarekebishwa, utayari wangu wa kuanza kazi haujabadilika. Huna haja ya kuomba msamaha wala kueleza historia ya chuo.

Msaada wa ana kwa ana utafute mapema katika hali mbili. Ukiambiwa idarani kwamba karatasi yako ya mtihani haionekani kabisa, au mhadhiri hapatikani na wiki mbili zimepita, panda kwa mwenyekiti wa idara, kisha kwa mkuu wa kitivo, kila mara ukiacha barua yenye muhuri wa kupokelewa na kubaki na nakala. Na ikiwa mtu yeyote pale ofisini anakuambia alama inaweza "kupatikana" kwa kitu kidogo, ondoka, umwendee mkuu wa wanafunzi. Alama iliyonunuliwa hukaa kwenye faili yako maisha yako yote, na wanaokagua vyeti sasa hivi wanaanzia kwenye faili hizo.

Ofisi za mitihani hufunguliwa saa mbili asubuhi. Fika saa moja na nusu. Baada ya saa nne mratibu huwa ameshaenda kwenye mikutano.